Huyo ni Nani? Urejelezi katika Hadithi Isimuliwayo kwa Vyombo Vingi



Nimeombwa nizungumzie usimulizi unaopita katika vyombo vingi kwa wakati mmoja: sinema, mchezo wa kompyuta, katuni na mtandao. Wengi mtatarajia kwamba jambo hilo ni la wataalamu wa mawasiliano. Nami sikatai. Hata hivyo, katika mhadhara huu nitajaribu kuonyesha kwamba kiini chake ni suala ambalo sisi wanaisimu tumelizoea kwa muda mrefu, nalo ni urejelezi. Msimulizi anaposema “huyo”, msikilizaji atamjuaje huyo kama hakutajiwa?

Kwanza niseme neno juu ya istilahi. Mwaka 1991 mtaalamu wa filamu Marsha Kinder aliandika juu ya mwingilianomatini unaovuka mipaka ya vyombo, akichunguza wahusika wa watoto waliokuwa wakihama baina ya televisheni, sinema na michezo. Mwaka 2006 Henry Jenkins, katika kitabu chake Convergence Culture, aliliweka wazo hilo mahali pake katika usimulizi, na tangu hapo likaenea vyuoni. Kwa Kiswahili napendekeza tuseme usimulizi mtambuka, kwa kuwa kivumishi “mtambuka” tayari tunakitumia kwa jambo linalokatiza katika nyanja nyingi. Neno jingine ni muunganiko wa vyombo. Maneno haya mawili huchanganywa mara nyingi, ilhali muunganiko ni hali, na usimulizi mtambuka ni namna mojawapo ya kuitumia hali hiyo. Picha, sauti, maandishi na mchezo vyote vinapogeuzwa kuwa tarakimu, vinaweza kutengenezwa kwa mashine za aina moja na kumfikia mtu yule yule kwa njia moja. Hiyo ndiyo hali. Mtu anaweza kuishi ndani yake maisha yake yote bila kusimulia hadithi mtambuka hata moja.

Vilevile tuutenganishe usimulizi mtambuka na jambo ambalo fasihi yetu inalo tangu zamani, yaani kuihamisha hadithi kutoka utanzu mmoja hadi mwingine. Habari za Fumo Liyongo zimesimuliwa kwa mdomo, zimeimbwa, na Muhammad Kijumwa alizitungia utenzi mwaka 1913. Aliyeusikia utenzi na hakuzisikia nyimbo, amekipata kisa. Akizisikia na nyimbo, amekipata kisa kile kile kwa ladha nyingine. Katika usimulizi mtambuka mambo hayako hivyo. Kila chombo kinabeba kipande ambacho chombo kingine hakina, na kisa kizima hakimo katika chombo chochote kimoja. Kwa hiyo filamu iliyotokana na riwaya si mfano wa jambo ninalolizungumzia, hata kama riwaya, filamu na fulana zinauzwa katika duka moja.

Mfano nitakaoutumia ni The Matrix. Najua si mpya, na wanafunzi wengi waliomo humu walikuwa hawajazaliwa filamu ya kwanza ilipotoka Machi 1999. Nimeuchagua kwa sababu vipande vyake vilipangwa na watunzi wale wale, ndugu wawili wa familia ya Wachowski, na tarehe za kutoka kwake zinajulikana. Tunaweza basi kuuliza jambo ambalo kwa kawaida haliulizwi: hadhira ilijua nini, na ilikijua siku gani?

Kisa kwa kifupi ni hiki. Kijana mtaalamu wa kompyuta, Neo, anagundua kwamba ulimwengu anaouishi ni programu tu. Katika ulimwengu halisi mashine zimewafunga wanadamu usingizini na kuvuna nguvu za miili yao. Wachache walio huru wanaishi katika mji ulio chini kabisa ya ardhi, uitwao Zion, na huingia ndani ya programu kwa meli zao kupigana. Filamu ya kwanza inajitosheleza. Ugawaji ninaoutaka ulianza na kazi za mwaka 2003.

Tuifuate barua moja. Machi 2003, katika majumba ya sinema ya Marekani, filamu fupi ya katuni ilionyeshwa kabla ya filamu nyingine isiyohusiana nayo kabisa. Jina lake ni Final Flight of the Osiris. Wafanyakazi wa meli Osiris wanaona maelfu ya mashine zikichimba ardhi kuelekea Zion. Meli inafukuzwa na haitasalimika. Mmoja wao, mwanamke aitwaye Jue, anaingia ndani ya programu akiwa na kifurushi chenye onyo, anakimbia juu ya mapaa, anakitumbukiza katika sanduku la barua, kisha anaanguka na kufa, kwa sababu huko nje meli imekwisha kuangamizwa. Filamu inakomea hapo. Barua imo sandukuni.

Katikati ya Mei 2003 vilitoka viwili kwa pamoja: filamu ya pili, The Matrix Reloaded, na mchezo wa kompyuta Enter the Matrix, uliotengenezwa na kampuni ya Shiny Entertainment na kuchapishwa na Atari. Watunzi wa filamu ndio walioandika hadithi ya mchezo, na waigizaji walipigwa takriban saa moja ya picha ambazo hazimo katika filamu yoyote. Mchezaji anachagua kuwa nahodha Niobe au mwenzake Ghost. Kazi yake ya kwanza kabisa ni kwenda katika ofisi ya posta kukitwaa kifurushi kile.

Katika filamu, manahodha wanakutana kwa siri ndani ya programu. Wanazijadili habari zilizotoka kwa Osiris: mashine zinachimba, nazo ni robo milioni, moja kwa kila mkazi wa Zion. Mazungumzo hayo hayachukui dakika nyingi. Jue hatajwi, wala sanduku la barua, wala posta.

Basi tuna watazamaji wa namna tatu wameketi katika safu moja. Wa kwanza hajaona chochote isipokuwa filamu ya mwaka 1999. Kwake, Osiris ni jina la meli iliyopotea, na habari ya mashine ni habari. Wa pili aliiona katuni mwezi Machi. Anaposikia jina la Osiris anamkumbuka mwanamke aliyeanguka barabarani, na anajua kwamba barua ilifika, jambo ambalo Jue mwenyewe hakulijua. Wa tatu ameucheza mchezo, na kifurushi kile alikitwaa yeye mwenyewe kwa vidole vyake. Sentensi ni moja, nayo inasikiwa kwa namna tatu.

Hapa ndipo sarufi yetu inapotusaidia kuliko sarufi ya lugha iliyotumika kuitunga filamu yenyewe. Mzungumzaji wa Kiswahili anapoanza hadithi husema: palikuwa na kijana mmoja. Hilo “mmoja” ni tangazo kwamba mhusika ni mgeni kwa msikilizaji. Akishatangazwa, anaitwa “kijana huyo”. Ile -o ya urejelezi inamwambia msikilizaji: tafuta nyuma, umekwisha kumsikia. Tena tunayo “yule”, ambayo mbali na kuonyesha umbali hutumika kwa mtu ambaye msemaji na msikilizaji wote wawili wanamjua, hata kama hakutajwa katika mazungumzo ya leo. Fanani anayeanza na “kijana huyo” bila “kijana mmoja” huulizwa papo hapo: kijana gani?

Sasa mtazame mhusika aitwaye Kid katika The Matrix Reloaded. Neo anaposhuka melini kule Zion, kijana huyu anamkimbilia, anagombea kumbebea mizigo, na anazungumza kana kwamba Neo ndiye aliyemwokoa. Neo anamjibu kwa uchovu wa mtu ambaye mazungumzo hayo ameyarudia mara nyingi. Filamu inamleta kwa “yule”: yule kijana, si mnamjua? Lakini mtazamaji hamjui. “Kijana mmoja” wake yumo katika katuni nyingine, Kid's Story, iliyoongozwa na Shinichirō Watanabe. Humo ni mwanafunzi wa shule anayepata ujumbe wa Neo, anafukuzwa na mawakala wa programu, anajirusha kutoka juu ya paa, na badala ya kufa anaamka katika ulimwengu halisi kwa imani yake tu, pasipo kuamshwa na mtu. Aliyeiona anaelewa kwa nini kijana ana shukrani kubwa na kwa nini Neo haikubali. Asiyeiona anamwona kijana msumbufu.

Kuna jambo ambalo wachambuzi wengi hulipita. Kid's Story ilikuwa sehemu ya mkusanyo wa katuni tisa uitwao The Animatrix, uliouzwa katika DVD kuanzia tarehe 3 Juni 2003. Katuni nne kati ya hizo tisa ziliwekwa mapema katika tovuti ya filamu, na ile ya Osiris ilionyeshwa katika sinema. Kid's Story haikuwamo katika hizo. Maana yake ni kwamba mtazamaji mwenye bidii kuliko wote, aliyekwenda sinema siku ya kwanza katikati ya Mei, hakuwa na njia ya kawaida ya kumjua Kid. Kitajwa kilikuja baada ya kirejelezi. Wanaisimu tunayo hali hiyo pia, urejelezi wa mbele, kama katika “Alipofika nyumbani, Juma alilala”. Lakini katika sentensi msikilizaji husubiri nukta moja ya wakati. Hapa alisubiri zaidi ya majuma mawili, na hakuambiwa kwamba anasubiri. Kwa hiyo malalamiko ya wakati ule kwamba filamu ya pili imejaa watu wasioelezwa hayakuwa ya wavivu tu. Kwa upande wa Kid, mlalamikaji alikuwa na haki yake yote.

Tunawezaje kupima kama kipande kinabeba hadithi au ni pambo? Ninatumia jaribio linalofanana na udondoshaji tunaoufanya katika sintaksia. Kiondoe kipande, kisha uulize maswali mawili: je, kilichobaki bado kinaeleweka? Na je, kimebaki na maana ile ile? Tukiiondoa katuni ya Osiris, jibu la swali la kwanza ni ndiyo, kwa kuwa manahodha wanayasema yote yanayohitajika. Jibu la pili ni hapana, maana uzito wa habari umepungua. Tukiondoa Kid's Story, tukio la kumpokea Neo linaeleweka kwa shida. Tena athari yake inaendelea mpaka filamu ya tatu, The Matrix Revolutions, ya Novemba 2003, ambamo kijana huyo anafungua lango la Zion katikati ya vita. Tukio lile ni kilele cha maisha yake kwa anayemjua, na kwa asiyemjua ni lango limefunguliwa.

Tuchukue na tukio la tatu, gumu zaidi. Katika filamu ya pili, ili Neo aingie katika jengo fulani, lazima umeme wa jengo ukatwe, na kundi la Niobe ndilo linalopelekwa kulipua mtambo wa umeme. Filamu inatuonyesha kazi hiyo kwa mikato michache tu. Safari yenyewe, na mapambano ya ndani ya mtambo, vimo katika mchezo. Vivyo hivyo Morpheus anapoangushwa kutoka juu ya lori kwenye barabara kuu, gari la Niobe linatokea na kumdaka. Katika filamu linatokea tu, na katika mchezo mchezaji ndiye anayelifikisha hapo. Tukidondosha mchezo, filamu haivunjiki. Na ukweli ni kwamba haikuweza kuachwa ivunjike, kwa sababu hakuna mtayarishaji wa filamu ya gharama ile ambaye angekubali kwamba asiye na mashine ya kuchezea asielewe.

Huo ndio mkanganyiko ulio ndani ya aina hii ya usimulizi. Kipande cha nje kikiwa cha lazima, wengi wataachwa nje ya hadithi. Kikiwa si cha lazima, mwenye kukifuata atajiona amelipia marudio. Barua ya Osiris imeupita mkanganyiko huo kwa kutoa uzito badala ya taarifa: anayeijua na asiyeijua wote wanafuata kisa, ila mmoja anakifuata akiwa na huzuni. Mtambo wa umeme haukufanikiwa kiasi hicho. Mchezaji anajifunza namna ulivyolipuliwa, lakini hakuna neno katika filamu linalobadilika maana kwa kulijua hilo.

Kuna mara nyingine ambapo vyombo vingi huziba pengo lililoletwa na maisha. Gloria Foster, aliyeigiza Mtabiri, alifariki Septemba 2001, na nafasi yake ikachukuliwa na Mary Alice. Mchezo ulimtokeza Mtabiri mwenye sura mpya miezi kadhaa kabla ya filamu ya tatu, ukaeleza ndani ya hadithi kwa nini umbo lake la zamani limeharibiwa. Hata hivyo filamu ya tatu nayo ililazimika kuligusia jambo hilo, kwa sababu ile niliyokwisha kuitaja. Watunzi hawakuthubutu kuliacha “huyo” hilo bila kitajwa katika chombo kikuu.

Kwa hadhira ya Afrika Mashariki, mpangilio huu una sura yake. Katika vibanda vya video vya mijini kwetu, filamu za kigeni zimekuwa zikisindikizwa na mfasiri anayesimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya filamu. Huyo si mkalimani tu. Hutaja majina, hueleza nasaba za wahusika, hutoa sababu ambazo filamu haikuzitoa, na hutia mzaha wake. Kwa istilahi tulizozitumia, kazi yake kubwa ni kumpa kila “huyo” kitajwa chake papo hapo. Mtazamaji wa kibandani hahitaji DVD ya pili, kwa kuwa fanani yumo chumbani. Ningependa mwanafunzi mmoja achukue kanda za usimulizi wa namna hiyo, ahesabu vionyeshi vya urejelezi, na alinganishe vinavyoelekeza ndani ya filamu na vinavyoelekeza nje yake. Ni tasnifu nzima, na hakuna chuo kingine duniani chenye data hizo karibu kuliko sisi.

Mfano wetu mwingine ni Shujaaz, iliyoanzishwa nchini Kenya mwaka 2010. Ni hadithi ya kijana Boyie, aliyemaliza shule na hana kazi, anayeendesha kituo cha redio cha siri kutoka chumbani kwake. Vibonzo vyake vilisambazwa bure ndani ya gazeti na katika vibanda vya M-Pesa. Sauti yake ikasikika katika vituo halisi vya redio. Na wasomaji wakamwandikia yeye mwenyewe, kwa ujumbe wa simu na kwa Facebook, naye akawajibu kama Boyie. Lugha ni Sheng. Mwanaisimu atapendezwa na nafsi za vitenzi hapa. Katika kibonzo, Boyie ni nafsi ya tatu inayochorwa, ingawa anazungumza. Redioni ni nafsi ya kwanza. Katika Facebook msomaji anamwambia “wewe”. Mhusika anayeitwa “wewe” na msomaji wake, na akajibu, hana haja ya kutambulishwa upya kwa “mmoja”. Nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya hadithi ile kuvuka vyombo kwa wepesi kuliko The Matrix: kila chombo kilimleta Boyie mzima, na asiye na redio alimjua kwa kibonzo. Kilichogawanywa kilikuwa namna ya kukutana naye. Baadhi yenu mtasema basi huo si usimulizi mtambuka kamili, na mjadala huo ningeupokea kwa furaha.

Nimalizie na tatizo la matini. Mwaka 2005 hadithi ya The Matrix ilihamia katika mchezo wa mtandaoni, The Matrix Online, uliofunguliwa mwezi Machi. Maelfu ya watu waliingia humo pamoja, na waajiriwa wa mchezo waliigiza wahusika wakubwa moja kwa moja, wakizungumza na wachezaji kwa maandishi. Katika miezi ya mwanzo Morpheus, mmoja wa wahusika wakuu wa filamu zote tatu, aliuawa humo. Kifo hicho hakikuwekwa katika filamu wala kitabu. Mchezo ulifungwa mwishoni mwa Julai 2009, na filamu ya nne, The Matrix Resurrections ya Desemba 2021, imetungwa kwa namna ambayo mtazamaji hahitaji kuujua mchezo huo hata kidogo.

Kwa mwanafilolojia, hali hiyo inafanana na ya muswada ambao kurasa zake za katikati zimeungua, ila hapa kurasa zenyewe zilikuwa mazungumzo. Picha za skrini na kumbukumbu walizoziandika wachezaji zipo. Lakini maneno ambayo mwigizaji aliyeajiriwa alimwandikia mchezaji mmoja, usiku mmoja, naye akamjibu, yalikuwa sehemu halali ya hadithi, na seva zilipozimwa hayakubaki na nakala ya kuhaririwa. Anayetaka leo kuandaa toleo la kitaalamu la hadithi hiyo nzima itambidi aamue kwanza kama aliyeshiriki na kukumbuka ni msomaji, ni shahidi, au ni mmojawapo wa watunzi. Na uamuzi huo ndio utakaoeleza jina la nani liandikwe juu ya matini.